Kupokezana Neno Mbele ya Watu

Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Akina mama walikaa kwenye mabenchi chini ya mwembe, watoto mapajani. Mbele yao palikuwa na meza, na juu ya meza jagi la maji, bakuli la sukari, chumvi kwenye kisahani na kijiko cha chai. Nyuma ya meza walisimama wawili: muuguzi wa zahanati, ambaye pale kila mtu humwita Sista, na mhudumu wa afya ya jamii, mama mtu mzima wa kijiji hichohicho. Somo lilikuwa namna ya kumtunza mtoto anayeharisha. Maneno yao nilikuwa nimewaandikia mimi.

"Maji lita moja," alisema Sista, "sukari vijiko sita vya chai, vilivyosawazishwa juu," akatua kuvuta pumzi. Mama akadhani mwenzake amemaliza, akadakia: "Na chumvi..." Sista naye alikuwa ameshaanza, "Na chumvi..." Sauti zikagongana. Wote wawili wakanyamaza kwa adabu, kila mmoja akimwachia mwenzake, kisha wakaanza tena kwa pamoja. Watu wakacheka, nao wakacheka, somo likaendelea. Lakini walipokuwa wanatawanyika, mama mmoja kijana aliyebeba mtoto mgongoni alinifuata akaniuliza: "Kwa hiyo chumvi nayo ni vijiko sita?"

Ni nusu kijiko. Chumvi ikizidi, maji yale yanamdhuru mtoto badala ya kumsaidia. Usiku ule niliitandika ile karatasi mezani nikaisoma upya, nikaona kosa lilipokuwa. Nilikuwa nimeandika SISTA, kisha aya yake, halafu MAMA, kisha aya yake, hivyo mpaka mwisho. Kila mmoja alijua atasema nini. Hakuna aliyeambiwa aanze lini, ila kwa kungoja mwenzake anyamaze. Na kunyamaza hakumaanishi kwamba mtu amemaliza. Mzungumzaji hunyamaza akivuta pumzi, akiutafuta mstari, akimngoja mtoto anayelia abembelezwe.

Tukiwa barazani hatuna shida hii. Mwaka 2009 watafiti wa lugha walichapisha matokeo ya kupima mazungumzo katika lugha kumi za pande mbalimbali za dunia, wakakuta kwamba kati ya swali na jibu hupita, kwa wastani, kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Muda huo hautoshi mtu kusikia mwisho wa sentensi, kufikiri, kisha kufungua mdomo. Maana yake ni kwamba tunaukisia mwisho kabla haujafika, na tunakuwa tumeshaandaa la kusema. Tunakisia kwa uso wa mwenzetu, kwa sauti inavyoshuka, kwa mkondo wa maana. Sasa wasimamishe watu haohao wawili mbele ya umati, uwape karatasi. Macho yako kwenye maandishi, uso hauonekani, na sauti ya mtu anayesoma haishuki kama ya mtu anayeongea. Vile vitu walivyokuwa wakikisia navyo vimepotea. Ni juu ya mwandishi kuwarudishia kwa maandishi.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Waigizaji wa London katika zama za Shakespeare hawakupewa mchezo mzima, kwa kuwa kunakili kwa mkono kulikuwa kazi kubwa. Kila mmoja alipewa maneno yake tu, na juu ya kila kauli yake yaliandikwa maneno mawili matatu ya mwisho ya yule anayemtangulia. Akiyasikia hayo, anaanza. Karatasi moja ya namna hiyo, aliyoitumia Edward Alleyn alipoigiza mhusika Orlando katika miaka ya 1590, bado imehifadhiwa Dulwich College, London. Sisi wenyewe tumelelewa na neno la namna hiyo. Bibi akisema "Paukwa!", hakuna mtoto anayejiuliza kama amemaliza au anavuta pumzi. Wote huitika "Pakawa!" Neno lile linafanya kazi kwa sababu halibadiliki, ndilo la mwisho kinywani mwa bibi, na halitajwi popote pengine katika hadithi.

Mimi naliita neno la kijiti, kwa mfano wa wakimbiaji wa kupokezana vijiti. Katika karatasi ya pili nilijitahidi kila makabidhiano yawe na neno lake. Nikajikwaa mara moja, maana neno la kwanza nililolichagua lilikuwa "maji safi na salama". Ni maneno mazuri, yanatoka mdomoni bila shida, ila kwenye somo lile Sista anayasema mara tatu. Tulipofanya mazoezi, Mama aliyasikia mara ya kwanza akaingia, Sista akiwa bado hajafika hata nusu ya aya yake. Kwa hiyo ukishachagua neno la kijiti, rudi mwanzo wa karatasi, ulitafute kote. Ukilikuta mahali pengine, badilisha mojawapo. Ni kazi ya dakika mbili, nami sasa siiachi.

Lakini kujua lini pa kuanzia ni nusu tu ya jambo. Mpokeaji anahitaji pia pa kukanyaga. Washairi wetu wanalijua hili. Katika shairi la pindu, ambalo wengine huliita mkufu au nyoka, maneno yanayofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata, na msomaji anavuka bila kuhisi kizingiti. Nikaamua kuziandika zamu zangu kwa mtindo huo. Makabidhiano ya kwanza ya somo la kuharisha sasa yanasomeka hivi:

SISTA: Mtoto akiharisha, kinachomlegeza ni maji na chumvi zinazotoka mwilini. Kazi yetu ni kurudisha kilichotoka. Pakiti za kuchanganya na maji zinapatikana zahanati, na hizo ndizo bora. Lakini ikiwa ni usiku wa manane na pakiti huna, Mama atatuonyesha cha kufanya. Nyumbani tuna maji, tuna sukari, tuna chumvi, na tuna hiki kijiko.

[Sista anampa Mama kijiko.]

MAMA: Kijiko chenyewe ni cha chai. Cha kupakulia wali tukiache jikoni.

Tazama jinsi kijiko kinavyofanya kazi tatu kwa mpigo. Ni neno la mwisho la Sista, ni neno la kwanza la Mama, na ni kitu kinachohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mama hata akiwa amepitiwa na mawazo, kijiko kikimgusa kiganja anajua zamu imefika, na neno la kuanzia analo mkononi. Akina mama kwenye mabenchi nao wanajua wamtazame nani, bila kuambiwa.

Kuna jambo jingine ndani ya aya ile ambalo msikilizaji halioni. Jina la Mama limetajwa mapema, sentensi moja kabla ya makabidhiano. Hiyo ni kengele. Kwenye kumbi za maigizo, msimamizi wa jukwaa humwambia mtu wa taa "jiandae" kwanza, na ndipo baadaye humwambia "washa". Mtu akiambiwa washa tu, mkono haujafika kwenye swichi. Katika karatasi yangu ya kwanza nilikuwa nimeweka jina mwishoni kabisa: "Sasa namkaribisha Mama." Mama akashtuka, akatafuta mstari, akasema "Asante sana Sista kwa maelezo mazuri" ili ajipatie muda. Ukisikia shukrani za namna hiyo kila zamu inapobadilika, mara nyingi ujue mwandishi hakumpa mpokeaji pa kukanyaga, naye anajijengea daraja mwenyewe mbele ya watu.

Swali linaonekana kama neno zuri la kijiti, na mimi nililiamini. Niliandika Sista amuulize mwenzake, "Je, chumvi tunatia kiasi gani?" na Mama ajibu. Siku ya kwanza ya kulijaribu, jibu lilitoka kwenye mabenchi: "Kijiko!" "Nusu!" "Kidogo tu!" Hadhira yetu haikai kimya ikiulizwa, na wala haipaswi kukaa kimya. Imezoea kuitikia salamu, hadithi na mahubiri. Tangu hapo nawahesabu watu wa kwenye mabenchi kuwa mzungumzaji wa tatu, nao nawaandikia zamu yao, WATU, pamoja na nafasi tupu ya mistari miwili. Swali nikiliweka, ni lao. Makabidhiano kati ya wale wawili nayafunga kwa sentensi ya kauli ambayo sauti yake inashuka.

Vipimo ndivyo vilivyonigharimu zaidi, na hapo nimejiwekea sharti nisilolivunja: kijiti hakipokezwi katikati ya kipimo. Mtu aliyeanza kusema maji ndiye anayesema sukari na ndiye anayesema chumvi, kwa pumzi zake mwenyewe, hata akitua mara tatu. Vipimo vikiisha, ndipo mwenzake anapovirudia vyote kwa vitendo:

SISTA: Maji lita moja. Sukari vijiko sita vya chai. Chumvi nusu kijiko cha chai. Mama anavipima sasa hivi, na vyote anavisawazisha juu kwa kisu.

MAMA: Kisu kinapita hivi, kinaondoa kilichozidi. Tuhesabu wote.

WATU: Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

MAMA: Sukari imetosha. Chumvi: nusu, mara moja, basi. [Anakoroga bila kusema.] Nakoroga mpaka punje zote ziyeyuke.

SISTA: Zikishayeyuka, onja wewe kwanza. Yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Pale Mama anapokoroga hakuna anayesema, na kimya kile kimeandikwa. Nilipokuwa sijakiandika, Sista alikiona kama shimo akakijaza kwa maneno, halafu Mama alipomaliza kukoroga na kusema neno la kijiti, Sista alikuwa bado katikati ya sentensi yake ya kujazia. Kimya kisichoandikwa kila mtu hudhani ni cha kwake.

Utaona pia kwamba "punje zote ziyeyuke" na "zikishayeyuka" si neno lilelile herufi kwa herufi. Inatosha. Kiswahili kinatupa wepesi huo: kitenzi kinageuka kutoka wakati hadi wakati, mzizi unabaki uleule, na sikio linauona mshono umeshikana.

Halafu kuna umri. Sista ana umri wa binti wa Mama, naye hatamkatiza mkubwa wake mbele ya kijiji, hata ningemwandikia hivyo kwa wino mwekundu. Sitamani afanye hivyo. Lakini Mama ana hadithi ya mjukuu wake aliyeharisha mwaka wa mvua nyingi, na siku ikimjia vizuri huisimulia kwa dakika nne. Ni hadithi nzuri, watu huisikiliza mdomo wazi, nami nisingependa aifupishe kwa kuogopa saa. Tatizo ni namna ya kurudi. Hapo tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, kila makabidhiano ya kutoka kwa Mama kwenda kwa Sista yana kitendo cha Mama mwenyewe: anaweka kijiko kwenye kisahani, anafunika jagi. Yeye ndiye anayetoa ruhusa, na anaitoa kwa mkono. La pili ni neno la akiba. Hadithi ikirefuka, Sista anausogeza mfuniko wa jagi karibu na mkono wa Mama. Mama akiuona, anajua. Asipouona, Sista anangoja sentensi iishe, anasema, "Naam, mama, na mjukuu alipona kwa jagi hilihili," na anaingia kwenye zamu yake. Neno hilo limeandikwa kwenye karatasi za wote wawili, na Mama mwenyewe ndiye aliyelichagua. Kwa hiyo likitumika, hakuna aliyevunjiwa heshima.

Karatasi yenyewe ina mambo yake. Kila mmoja ana nakala ya somo zima, kwa kuwa siku moja mwenzako atahitaji kuokolewa na huwezi kumwokoa usichokiona. Ila nakala hazifanani. Kwenye nakala ya Mama, maneno yake yamechapwa kwa herufi kubwa, ya Sista kwa herufi ndogo, na neno la kijiti limekolezwa wino mahali pawili: mwishoni mwa zamu ya Sista, na tena peke yake juu ya zamu ya Mama. Zamu isianzie ukurasa mpya ilhali neno lake limebaki ukurasa wa nyuma. Mtu akiwa anafunua karatasi hasikii vizuri, na upepo wa chini ya mwembe haumngoji. Ikibidi, acha robo ya ukurasa tupu. Na kama kipaza sauti ni kimoja, kiandike nacho kama kilivyoandikwa kijiko: nani anakishika, na kinahama lini. Anayepokea asitamke neno kabla hakijafika mdomoni, la sivyo maneno yake ya kwanza, ambayo ndiyo yanayoshika mshono, hayasikiki nyuma.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na makabidhiano kumi na manne kwa dakika tisa. Nilidhani kubadilishana sauti haraka haraka kunachangamsha. Kumbe watu hawapati muda wa kuizoea sauti moja, shingo zinageuka huku na huku, na kila mshono ni nafasi nyingine ya kujikwaa. Niliposoma upya nikaona mengi yalikuwa hayana sababu. Nilikuwa nimegawa maneno kwa usawa, kana kwamba nagawa urithi. Sasa yamebaki machache, kila moja mahali ambapo jambo lenyewe linahama. Sista anasema kwa nini, Mama anaonyesha namna. Sista anasema mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha, Mama anaonyesha jinsi ya kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko akiwa anatapika. Sista anasema maji yaliyokaa zaidi ya saa ishirini na nne yamwagwe, Mama anasema anayaweka wapi nyumbani kwake yasiingie nzi. Ukishagawa hivi, mtu hata akipotea kwenye karatasi anajua swali linaloanza na "namna gani" ni lake.

Mazoezi tunayafanya kwenye mishono peke yake. Sista anasoma sentensi zake mbili za mwisho, Mama anasema sentensi yake ya kwanza, tunaruka hadi mshono unaofuata. Tunapita yote mara tatu, na hatujamaliza hata dakika kumi. Sentensi hizo ndizo wanazozishika kwa moyo. Yaliyo katikati wanaweza kuyasema kwa maneno yao, na mara nyingi wanayasema vizuri kuliko nilivyoyaandika. Sista wakati mmoja alibadilisha "hiki kijiko" kuwa "vyombo vyetu", akaona ni maneno mapana zaidi. Mama alibaki amesimama, akingoja kijiko. Baada ya hapo tulikubaliana: badilisha unachotaka, ila neno lililokolezwa wino ni mali ya mwenzako.

Mara ya mwisho nilirekodi kwa simu nikasikiliza nikiwa nimefumba macho. Kwenye mshono mzuri nilisikia watu wawili wanaongea jambo moja. Kwenye mshono mbovu nilisikia "eeh", au karatasi, au ile pumzi fupi ya mtu aliyeshtuka kwamba ni zamu yake. Pumzi ile moja niliisikia mahali pamoja tu, mwishoni kabisa, na nikajua sababu mara moja: sikuwa nimeandika nani anafunga. Sista alisema asante, Mama naye akasema asante, wakatazamana, Sista akaongeza "basi ni hayo tu", na akina mama hawakujua kama wainuke au wakae.

Nikampa Mama kufunga, kwa sababu Sista jioni hupanda basi kurudi mjini na Mama hulala palepale kijijini. Ukurasa wa mwisho sasa uko hivi:

SISTA: Mtoto akishindwa kunywa, macho yakizama, akilegea asiweze kuamka vizuri, au ukiona damu kwenye choo chake, maji haya peke yake hayatoshi. Mama anakaa karibu nanyi kuliko mimi. Mleteni zahanati, na kama ni usiku, msingoje asubuhi.

MAMA: Asubuhi ni mbali. Gongeni mlango wangu, twende wote.

[Mama anafunika jagi. Sista haongezi neno.]